Kumwandikia msajili wa chuo kikuu kuhakiki shahada ya mwombaji kazi: barua, safari yake na namna ya kulisoma jibu

Kampuni yetu ni ya usafirishaji wa mizigo. Malori yanaingia kupitia Malaba na Busia, madereva wengi ni Wakenya na Wakongo, kwa hiyo hapa ofisini Kampala Kiswahili ndicho kinachotufikisha jioni. Tulipotafuta mhasibu tulibaki na waombaji watatu, na aliyefanya vizuri zaidi kwenye usaili alikuwa binti mmoja aliyeandika kwenye wasifu wake: Shahada ya Biashara, MUBS, 2014, daraja la pili la juu. Nitamtumia yeye kama mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Majina na namba nimeviondoa, na mambo mengine nimeyabadilisha kidogo ili asitambulike.

Kwanza jua shahada ni ya nani

Kosa la kwanza hutokea kabla ya barua kuandikwa: kuipeleka kwenye chuo kilichotajwa kwenye wasifu. Watu huandika mahali walipokaa darasani, na hilo si lazima liwe jina la aliyewatunuku shahada. MUBS, yaani Shule ya Biashara ya Makerere iliyoko Nakawa, ni mfano mzuri. Mwanafunzi anasoma pale miaka mitatu, mitihani anafanyia pale, lakini shahada anatunukiwa na Chuo Kikuu cha Makerere. Ni vivyo hivyo kwa aliyesoma Bishop Barham kule Kabale: shahada yake ni ya Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, Mukono.

Kwa hiyo usitazame wasifu, tazama cheti chenyewe. Jina lililo juu kabisa, karibu na nembo, ndilo la mwandikiwa wako. Kwa huyu binti lilikuwa Makerere, na barua ilikwenda kwa Msajili wa Taaluma wa Makerere, kwenye Jengo la Seneti.

Vyuo navyo huungana na kubadilika majina. Kyambogo kama chuo kikuu ilizaliwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, kwa hiyo aliyehitimu katika mojawapo zamani hizo anaulizwa Kyambogo. Akikujia mzee anayetaka kazi ya ushauri na shahada yake ni ya mwaka 1968, usishangae kuona imeandikwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, maana Makerere ilikuwa sehemu ya chuo hicho kuanzia 1963 hadi 1970. Shahada ya chuo kilichofungwa, au ya nje ya nchi, ina njia yake: Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lenye makao yake Kyambogo. Vyeti vya kidato cha nne na cha sita vinahakikiwa na Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB. Usimuulize msajili wa chuo kikuu habari za kidato cha sita. Hataweza kukuthibitishia cheti ambacho hakukitoa.

Idhini ya mwombaji

Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Faragha ya mwaka 2019. Kwa sheria hiyo, matokeo ya mtu chuoni ni taarifa zake, na chuo hakitakiwi kumpa kila anayebisha hodi. Ofisi ya msajili ikiuliza idhini iko wapi, ina haki ya kuuliza.

Mpe mwombaji karatasi moja asaini. Iwe na jina lake kamili kama lilivyo kwenye cheti, namba yake ya usajili wa chuo, jina la kampuni yako, jina la chuo anachokiruhusu kujibu, na sentensi inayosema anaruhusu chuo hicho kuithibitishia kampuni usahihi wa cheti na transkripti alizoleta kwa ajili ya ombi lake la kazi. Kisha tarehe na saini. Idhini ya jumla ya aina ya “naruhusu uchunguzi wowote” ni dhaifu, kwa sababu msajili haoni ndani yake kwamba mtu huyu anakubali chuo chake kikujibu wewe.

Mimi hukusanya idhini wakati mmoja na nakala za vyeti, siku ile ile ya usaili wa mwisho, na kwa waombaji wote waliobaki. Ukiomba kwa mmoja tu, wa nje ya mji au wa kabila fulani, umeshaanza ubaguzi hata kama hukukusudia.

Vitu vya kuambatanisha

Unahitaji nakala ya cheti, nakala ya transkripti kurasa zote pamoja na upande wa nyuma, nakala ya kitambulisho cha taifa, na idhini. Nakala ziskaniwe kutoka kwenye hati halisi zikiwa mkononi mwako. Usipokee picha za WhatsApp zilizopigwa na mwombaji, kwa maana msajili atalinganisha kile ulichomletea, na namba ya hati isiyosomeka humfanya arudishe barua.

Namba ya usajili ndiyo ufunguo wa yote. Kwa Makerere namba hiyo huanza na mwaka wa kuingia chuoni, kwa tarakimu mbili. Ile ya binti wetu ilianza na 11, yaani aliingia 2011. Shahada ya Biashara ni ya miaka mitatu, hivyo kumaliza 2014 kunalingana. Mtu ambaye namba yake inaanza na 13 na anadai kumaliza shahada hiyo 2014 ana swali la kujibu hata kabla hujanunua bahasha.

Kabla ya kutuma, fanya hesabu moja. Itakuchukua nusu saa. Transkripti ya Makerere huonyesha kila somo, uzito wake na alama aliyopata. Katika mfumo wa miaka ile, A ni pointi 5, B yenye jumlisha ni 4.5, B ni 4, B yenye kutoa ni 3.5, C yenye jumlisha ni 3, na kushuka hivyo hadi 2. Zidisha uzito wa somo kwa pointi zake, jumlisha yote, kisha gawanya kwa jumla ya uzito. Kwa binti wetu jumla ya uzito ilikuwa 126, na jumla ya mazao ya kuzidisha ilikuwa 438.5. Ukigawanya unapata 3.48. Mwishoni mwa transkripti palikuwa pameandikwa 3.84.

Sikusema kitu. Huenda nilikosea kujumlisha, au kuna somo lililorudiwa na kuhesabiwa kwa namna nisiyoijua. Ila nililiweka akilini, kwa sababu tofauti hiyo si ndogo: daraja la pili la juu linaanzia 3.60, na la chini linaanzia 2.80 hadi 3.59.

Barua yenyewe

Barua utaiandika kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya kazi ya ofisi za vyuo vyetu. Hapa naiweka kwa Kiswahili ili uone kila mstari unafanya kazi gani. Iwe ukurasa mmoja, kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni.

> Kumb. yetu: UT/UHAKIKI/07
> Tarehe: …
>
> Msajili wa Taaluma,
> Chuo Kikuu cha Makerere,
> S.L.P. 7062, Kampala.
>
> Ndugu Msajili,
>
> YAH: KUHAKIKI HATI ZA (jina kamili kama lilivyo kwenye cheti), NAMBA YA USAJILI 11/U/…
>
> Mtajwa hapo juu ameomba kazi ya uhasibu katika kampuni yetu na ametuletea nakala za cheti na transkripti zilizoambatanishwa, ambazo zinaonyesha zimetolewa na chuo chako. Alisomea Nakawa, MUBS.
>
> Tunaomba ututhibitishie kutoka kwenye kumbukumbu zako: kama alisajiliwa na kuhitimu chuoni kwako, jina la shahada aliyotunukiwa, daraja na wastani wake wa mwisho, tarehe aliyotunukiwa, na kama nakala tulizoambatanisha zinalingana na hati mlizotoa, pamoja na namba zake.
>
> Idhini yake ya maandishi imeambatanishwa. Majibu yatatumika kwa ombi hili la kazi tu na yatatunzwa kwa siri.
>
> Tafadhali jibu moja kwa moja kwa aliyesaini hapa chini, kwa anwani na baruapepe ya kampuni, ukitaja kumbukumbu yetu.
>
> (Saini, jina, cheo, simu ya ofisi, muhuri wa kampuni)
> Viambatanisho: 4

Tazama kwamba sikuuliza tu “je, hati hizi ni halali?” Swali hilo hujibiwa kwa neno moja, na neno moja linaweza kukupotosha. Mtu anaweza kuwa na cheti halali kabisa na transkripti iliyochezewa, na karani mwenye haraka akaangalia cheti tu. Ukiorodhesha mambo matano unayotaka, atalazimika kufungua kumbukumbu na kuyaandika.

Sikumwandikia pia kwamba wastani ni 3.84. Hati anayo. Nataka aandike namba yake mwenyewe kutoka kwenye daftari lake. Wala usimuulize tabia ya mwombaji au maoni yake kama anafaa kazi. Hayo ni ya wadhamini.

Mwombaji mmoja mmoja, barua moja moja. Ukiweka majina sita kwenye barua moja, jibu litasubiri yule mmoja ambaye faili lake halionekani, na hao watano watakuwa wamepata kazi kwingine.

Kuipeleka na kuifuatilia

Mara nyingi uhakiki hulipiwa. Uliza masjala kiasi na namna ya kulipa kabla ya kupeleka. Kwa vyuo vya umma huwa unapewa namba ya malipo na kulipa benki, kisha stakabadhi inaambatana na barua. Hakuna ada inayolipwa kwa simu ya karani. Akikupa namba yake binafsi, shukuru na urudi kesho kwa karani mwingine.

Peleka nakala mbili. Moja inabaki masjala, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Mara ya kwanza kabisa nilipopeleka barua kama hii sikuwa nimeandika namba ya usajili. Mama wa masjala aliisoma, akanitazama juu ya miwani.

“Mwanangu, wenye jina hili hapa ni wengi. Nikutafutie yupi?”

Nilirudi ofisini nayo kwapani.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa la miaka ya nyuma, mahali nilipofanya kazi kabla ya hapa. Mwombaji alisema anaishi karibu na chuo chake, akajitolea kuipeleka barua mwenyewe na kuleta jibu. Nilimwona ni kijana mwenye kujituma. Jibu lilikuja ndani ya siku mbili, lina muhuri, lina saini, kila kitu ni sawa. Mwaka mmoja baadaye mkaguzi wa hesabu aliuliza chuo, na chuo hakikuwa na barua yetu wala nakala ya jibu hilo. Tangu hapo barua inapelekwa na mtu wa kampuni au kwa baruapepe rasmi, na jibu linakuja kwetu bila kupita mkononi mwa mwombaji.

Ukituma kwa baruapepe, chukua anwani kutoka kwenye tovuti ya chuo, si kutoka kwenye wasifu wala kwenye cheti. Vyuo vikuu vya Uganda hutumia anwani zinazoishia na `.ac.ug`; ya Makerere inaishia na `mak.ac.ug`. Jibu likitoka kwenye Gmail, au kwenye anwani inayofanana ila ina kistari cha ziada, hilo si jibu.

Zikipita wiki mbili bila neno, piga simu ukitaja tarehe ya muhuri wa kupokelewa. Tarajia ucheleweshaji karibu na mahafali, maana wakati huo ofisi nzima inaandaa orodha za wahitimu. Mwombaji anaweza kukuambia usihangaike kwa sababu Makerere iliungua na faili lake limepotea. Ni kweli Jengo Kuu liliungua Septemba 2020. Lakini msajili yuko Jengo la Seneti, na juu ya hayo majina ya wahitimu huchapishwa katika vitabu vya mahafali vilivyosambaa kila mahali. Andika tu.

Jibu linavyokuja

Jibu la kawaida ni fupi, mara nyingi aya mbili. Lina nembo ya chuo, namba ya kumbukumbu yao na yako, na tarehe. Linataja jina la mhitimu kama lilivyo kwenye daftari lao, namba ya usajili, shahada, daraja, na tarehe ya kutunukiwa. Kisha inakuja sentensi kuhusu hati: ama nakala zilizoletwa zinalingana na kumbukumbu zao, ama hazilingani. Mwisho ni saini na muhuri. Mara nyingi anayesaini si msajili mwenyewe, ni ofisa anayesaini kwa niaba yake, na hilo halina tatizo.

Usitarajie orodha ya alama za kila somo. Ukitaka hizo, mwombaji ndiye anayeomba chuo kikutumie transkripti katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri.

Sentensi ya kusoma mara mbili ni ile inayokataa, kwa sababu kuna kukataa kwa namna tatu. “Hatuna kumbukumbu za mtu huyu kwa maelezo mliyotoa” haimaanishi kwamba cheti ni cha kughushi. Huenda namba imekosewa tarakimu moja, au aliolewa na kubadilisha jina. Rudi kwa mwombaji, pata maelezo sahihi, andika tena. “Alisajiliwa lakini hajatimiza masharti ya kutunukiwa” ni jambo jingine kabisa: alisoma, pengine hadi mwaka wa mwisho, ila ana masomo ya kurudia, hivyo shahada hana. Akikuletea barua ya zamani inayosema anasubiri mahafali, tarehe ya barua hiyo ndiyo ya kutazama. Namna ya tatu ni “hati zilizoambatanishwa hazikutolewa na chuo hiki”. Hapo ndipo panapohusu kughushi, ambako ni kosa la jinai, na chuo chenyewe kinaweza kuwasilisha suala polisi. Hifadhi nakala zako kama zilivyo.

Lipokee jibu, kisha lihakiki nalo. Piga simu namba kuu ya chuo kutoka kwenye tovuti yao, omba uunganishwe na ofisi ya msajili, soma namba ya kumbukumbu yao na uulize kama barua hiyo ilitoka kwao. Usitumie namba iliyoko chini ya barua yenyewe, kwa kuwa aliyetengeneza barua ya uongo ataweka na simu yake.

Tofauti zilizokuwa kwenye jibu letu

Jibu kuhusu binti wetu lilikuwa na tofauti tatu na wasifu wake. Jina: kwenye daftari la chuo lilikuwa na majina mawili, kwenye kitambulisho cha taifa matatu, la tatu likiwa la mume. Alikuwa ameshatuletea cheti cha ndoa, kwa hiyo tuliliacha.

Mwaka: chuo kiliandika kwamba alitunukiwa Januari 2015, yeye aliandika 2014. Waajiri wengi huruka hapa wakidhani wamekamata mwongo. Alifanya mtihani wa mwisho katikati ya 2014, na mahafali ya Makerere yaliyofuata yalikuwa Januari 2015. Watu huhesabu mwaka wa kumaliza, chuo huhesabu siku ya kutunukiwa. Pengo la miezi kama sita au saba hivi ni la kawaida.

Ya tatu ilikuwa daraja. Chuo kiliandika daraja la pili la chini, wastani 3.48, na kwamba cheti kinalingana na kumbukumbu zao lakini ukurasa wa mwisho wa transkripti haulingani. Tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Cheti alichotuletea, tulipokisoma tena polepole, kilitaja daraja la chini. Hakuna aliyekuwa amekitazama, sisi tulikuwa tunatazama nembo.

Kabla ya kuamua tulimwita. Hili ni la haki, na pia lina faida, kwa sababu chuo nacho hukosea na mwombaji anaweza kuwa na hati iliyosahihishwa baadaye. Tulimwonyesha jibu, tukamwomba alete transkripti halisi ndani ya wiki moja, au aende mwenyewe Seneti wamweleze. Alikaa kimya, kisha akasema, “Mzee, tangazo lenu liliandika daraja la juu.”

Ni kweli liliandika hivyo. Kazi hatukumpa, na sababu iliyoandikwa kwenye faili ni ukurasa uliobadilishwa, si daraja. Jibu la chuo, idhini na nakala viko kwenye kabati lenye kufuli, na muda wa kuvitunza uliowekwa na kampuni ukiisha vitaharibiwa. Tangazo lililofuata la mhasibu tuliliandika upya: shahada ya biashara au uhasibu, daraja halikutajwa.